Chupa ya Rangi, Pakiti ya Kakao na Sufuria ya Chai
Mhadhara kwa makocha, walimu na wanariadha wa Soin

 

Mhadhara huu ulizaliwa na swali la mwalimu mmoja wa michezo. Wazazi walikuwa wamechanga pesa kidogo kwa ajili ya timu ya mbio za nyika, naye alitaka kujua azitumie vipi. Vijana walikuwa wakimwomba zile chupa za rangi wanazoziona kwenye televisheni mikononi mwa wachezaji wa Ulaya. Mzazi mmoja akamwambia amesikia kwamba maziwa ya chokoleti yanazishinda chupa hizo zote. Mwalimu akaniuliza, "Daktari, ninunue kipi?" Nilimwomba kwanza aniambie vijana wake hunywa nini sasa hivi wakirudi kutoka mbioni. Akashangaa kuulizwa. "Chai," akasema. "Wangekunywa nini kingine?"

Nataka tuvipime vinywaji vyote vitatu, kwa sababu hicho cha tatu, tulichokizoea hadi hatukioni, kina undugu wa karibu na maziwa ya chokoleti.

Tuanze na chupa ya rangi, ambayo ni changa kuliko medali zetu. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, alileta nyumbani medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya. Ilikuwa shaba ya mita 800, Tokyo, mwaka 1964. Kinywaji cha michezo cha aina tunayoijua leo kilianza mwaka uliofuata, 1965, katika Chuo Kikuu cha Florida huko Marekani. Kocha msaidizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani alimuuliza daktari Robert Cade kwa nini wachezaji wake hawaendi haja ndogo wakati wa mechi ilhali wanakunywa maji. Jibu lilikuwa kwamba maji yote yanatoka kwa jasho, na jasho linaondoka na chumvi. Cade na wenzake wakachanganya maji, chumvi na sukari, na kinywaji hicho wakakipa jina kutokana na jina la timu: Gatorade.

Ikumbukeni asili hiyo, maana inaeleza kinywaji cha michezo ni nini. Kilibuniwa kwa mtu aliyemo uwanjani, ambaye bado anakimbia na bado anatoka jasho. Katika kila mililita 100 mna takriban gramu 6 za sukari na chumvi kidogo, mchanganyiko mwepesi kwa makusudi ili upite tumboni haraka na uingie kwenye damu mtu akiwa mwendoni. Protini hamna, mafuta hamna. Kwa kazi yake ile, ya kunywewa katikati ya mbio ndefu kwenye joto, ni kinywaji kizuri na sina ugomvi nacho. Anayekimbia marathoni akabeba maziwa ya chokoleti ya kunywa njiani atajuta kabla ya kilomita ya 25, kwa sababu maziwa hukaa tumboni.

Hata hivyo, mwalimu yule hakuniuliza kuhusu katikati ya mbio. Aliniuliza kuhusu baada ya mbio, na hapo mwili unadai vitu vingine.

Mkimbiaji anapovuka mstari wa mwisho huwa na madeni matatu. La kwanza ni maji na chumvi alizozitoa kwa jasho. La pili ni wanga, kwa sababu sukari iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya misuli, ile wataalamu wanayoiita glaikojeni, imeteketea. La tatu ni protini, ambayo misuli iliyochakaa huihitaji ili ijikarabati. Chupa ya rangi hulipa sehemu ya deni la kwanza na sehemu ya la pili, na la tatu hailigusi kabisa. Maziwa yenye sukari huyagusa yote matatu kwa pamoja. Siri nzima ya maziwa ya chokoleti ni hiyo, na kakao haihusiki nayo sana. Kakao huleta ladha ya kumfanya kijana aliyechoka, asiyetaka kuona chakula, amalize kikombe. Hilo si jambo dogo, lakini kazi yenyewe hufanywa na maziwa na sukari.

Sasa tuuchunguze ushahidi, kwa sababu habari iliyomfikia mzazi yule ilikuwa imetiwa chumvi njiani.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwachukua waendesha baiskeli 9 waliozoea mazoezi, wakawaendesha mpaka miguu ikaisha nguvu, kisha wakawapumzisha kwa saa 4. Walipewa kinywaji mara tu waliposhuka, na tena baada ya saa 2. Halafu wakapanda tena baiskeli na kuendesha mpaka wakashindwa kabisa. Jaribio lilirudiwa kwa vinywaji vitatu: maziwa ya chokoleti, kinywaji cha kawaida cha michezo, na unga maalumu wa dukani wenye wanga na protini. Waliokunywa maziwa ya chokoleti walidumu kwa muda mrefu kuliko waliokunywa ule unga maalumu, ingawa wanga ulikuwa sawa. Sehemu ambayo magazeti mengi yaliiacha ni kwamba waliokunywa kinywaji cha kawaida cha michezo nao walidumu karibu sawa na wa maziwa. Kwa hiyo jaribio lililoyapa maziwa ya chokoleti sifa yake duniani halikuonyesha kwamba yanaishinda chupa ya rangi. Nalo lilipata msaada wa fedha kutoka kwa watu wa sekta ya maziwa. Sisemi hivyo kuwatuhumu watafiti. Nasema ili tuwe na kawaida ya kuuliza.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, walifanya jaribio la namna hiyo kwa waendesha baiskeli 9 wengine. Safari hii maziwa ya chokoleti yalishinda waziwazi: walidumu kwa asilimia 43 zaidi ya walipokunywa kinywaji cha michezo. Mkulima wa hapa ataniuliza mara moja, je, walilishwa sawa? Hawakulishwa sawa. Ujazo ule ule wa maziwa ya chokoleti una nishati nyingi kuliko wa kinywaji cha michezo. Ukimlisha ng'ombe mmoja debe na mwingine nusu debe, usishangae kuona nani ametoa maziwa mengi. Kisha mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 12 ya maziwa ya chokoleti, na kwa ujumla haukuona tofauti kubwa kati yake na vinywaji vingine vya kurudisha nguvu. Kwa hiyo mimi nayaamini maziwa ya chokoleti kuwa kinywaji kizuri cha baada ya mbio, chenye nguvu sawa na vile vya bei ghali. Siamini kwamba yana muujiza.

Ushahidi ulionivutia zaidi, hasa kwa watu wa Soin, ni wa maji mwilini. Ninyi mnaijua tofauti ya hapa na kule juu. Kijana anayefanya mazoezi kando ya mashamba ya chai ya Kericho, karibu mita 2,000 juu ya bahari, huanza kwa ukungu na humaliza kwa ubaridi. Wa kwenu huku chini, kwenye miwa, kuanzia Kipsitet kuteremka, saa mbili asubuhi tayari jua limeshamkalia mgongoni. Deni lake la maji ni kubwa zaidi.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough waliwafanyisha watu 11 mazoezi kwenye joto mpaka wakapoteza karibu asilimia 2 ya uzito wao kwa jasho. Kisha wakawapa kinywaji chenye ujazo wa mara moja na nusu ya walichopoteza, na kwa saa kadhaa wakapima kila mkojo. Waliokunywa maji, na waliokunywa kinywaji cha michezo, walikojoa karibu lita 1.2. Waliokunywa maziwa yaliyoondolewa mafuta walikojoa karibu nusu ya hapo. Maji yale mengine yalibaki mwilini, mahali yanapotakiwa.

Kwa nini? Maziwa yana sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, kwa kiwango kinachokaribiana na cha kinywaji cha michezo, na potasiamu nyingi zaidi. Juu ya hayo, protini yake huganda tumboni na kuteremka polepole kuelekea utumbo. Maji matupu yanayoingia kwa fujo huishtua figo, nayo huyatoa nje ikidhani yamezidi. Maziwa huingia kama mvua ya rasharasha ambayo udongo una nafasi ya kuinywa. Uzito ule ule unaoyafanya yasifae katikati ya mbio ndio unaoyafanya yafae baada yake.

Sasa nirudi kwenye sufuria ya chai.

Profesa Vincent Onywera na wenzake walichapisha mwaka 2004 utafiti wa vyakula vya wanariadha 10 wa Kikalenjin, wakimbiaji wa kiwango cha juu, waliokuwa kambini karibu na Eldoret. Kwa siku 7 walipima kila kilichoingia kinywani. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na sukari nyingi kuliko mlivyodhani. Kwa upande wa vinywaji, walikunywa maji lita moja na kidogo kwa siku, na chai ya maziwa iliyozidi maji hayo. Nguvu zao za kuwashinda walimwengu zililindwa na ugali na chai.

Na chai yetu ni nini, tukiifungua? Ni maziwa, maji, sukari na majani. Ukiyatoa maji na ukaweka kakao mahali pa majani, umepata maziwa ya chokoleti. Tofauti iliyobaki ni ya vipimo, na vipimo tunaweza kuvirekebisha.

Nitawapa mfano wa kijana mmoja wa uzito wa kilo 60. Simtaji jina, wala si lazima, kwa kuwa hesabu ni ile ile kwa yeyote mwenye uzito huo. Kabla ya kuondoka alipanda mizani ya kinu cha posho akiwa na kaptura tu, ikasoma kilo 60. Alikimbia kilomita 20 bila kunywa kitu. Aliporudi alijifuta jasho vizuri, akavua shati na viatu kama mwanzo, akapanda tena. Kilo 58.6. Kilo 1.4 zilizopotea ni karibu zote maji, na kila kilo ni lita moja. Kwa kuwa sehemu ya atakachokunywa itapotea kwa mkojo, anahitaji takriban mara moja na nusu, yaani lita 2 na kidogo, azinywe kwa awamu katika saa chache zijazo, si kwa mkupuo mmoja.

Wanga anaouhitaji katika saa ya kwanza, ikiwa jioni ana mazoezi mengine, ni takriban gramu 1 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 60. Protini ni karibu gramu 18 hadi 20.

Tumpe maziwa ya chokoleti mililita 600. Atapata wanga gramu 60 hivi na protini karibu gramu 20. Hesabu imetimia kwa kikombe kimoja kikubwa. Tumpe kinywaji cha michezo: ili afikie gramu 60 za wanga atakunywa lita nzima, na protini bado ni sufuri. Tumpe chai ya nyumbani, mililita 600, nusu maziwa nusu maji, yenye vijiko vitano vidogo vya sukari. Wanga utakuwa kama gramu 38 na protini kama gramu 10. Chai imempita mwenzake wa dukani kwa protini, ila imelipa nusu tu ya ile inayotakiwa. Mwongezeeni vipande viwili vya mkate na yai moja la kuchemsha, au kiazi kitamu na yai, na hesabu ya chai inafika pale pale ilipofika ya maziwa ya chokoleti. Mkipunguza maji sufuriani, robo tatu iwe maziwa, chai yenyewe itakaribia zaidi.

Chumvi bado haijatimia kwa kinywaji chochote kati ya hivyo. Lita moja ya jasho inaweza kutoka na karibu gramu 1 ya sodiamu, wakati mililita 600 za maziwa au za kinywaji cha michezo hazirudishi hata theluthi ya hiyo. Inayorudisha ni ile sukuma wiki yenye chumvi pembeni ya ugali wa mchana. Kijana anayerudi na mistari myeupe ya chumvi kwenye fulana yake asinyimwe mlo huo.

Nimesema "ikiwa jioni ana mazoezi mengine" makusudi, kwa sababu sharti hilo hubadilisha kila kitu. Haraka ya kunywa ndani ya saa moja ni ya mtu atakayekimbia tena siku hiyo hiyo. Kama mazoezi yajayo ni kesho, misuli itajaza akiba yake kwa milo ya kawaida, na haidhuru kama kikombe kilichelewa. Na mtu anayekimbia nusu saa, mara tatu kwa wiki, ili apunguze tumbo, hana deni la kulipwa kwa lita ya sukari, iwe ya kakao au ya rangi. Huyo anywe maji, aende akale.

Kwa wanaotaka kutengeneza maziwa ya chokoleti wenyewe, na kwa timu nadhani hiyo ndiyo njia ya haki kwa mfuko wa wazazi, chukueni nusu lita ya maziwa na kuyachemsha vizuri, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela. Kijiko kikubwa kimoja cha unga wa kakao kikorogeni kando kwa maji ya moto kidogo hadi kiwe rojo, vinginevyo kitaelea kwa madonge. Tieni sukari vijiko vikubwa viwili, mimineni rojo ndani, korogeni, acheni yapoe. Angalieni mkebe mnaonunua: kakao halisi ni chungu na ni kakao tupu, lakini mikebe mingi ya chokoleti ya kunywa sehemu yake kubwa ni sukari, na ukiitumia hiyo usiongeze sukari nyingine. Yale makopo ya vinywaji vya kuchangamsha, yenye kafeini na gesi, ambayo wenye maduka huyapanga rafu moja na vinywaji vya michezo, ni kitu kingine kabisa. Asipewe mwanafunzi.

Wapo watakaoumwa na tumbo. Maziwa yana sukari yake ya asili, laktosi, na watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kuimeng'enya. Sisi wa jamii za wafugaji tumebahatika. Mwaka 2007 Profesa Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba watu wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko la vinasaba linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na lile la Wazungu, lililotokea miaka elfu kadhaa iliyopita pamoja na ufugaji. Hata hivyo si kila mtoto wa timu analo. Anayesikia tumbo likinguruma, gesi ikimjaa na kisha kuhara, ndani ya saa chache baada ya kila kikombe cha maziwa, asilazimishwe. Mpeni mala, ambayo bakteria wameshakula sehemu ya laktosi yake, mtie sukari humo. Na kinywaji kipya, cha aina yoyote, kijaribiwe siku ya mazoezi, kamwe isiwe siku ya mashindano.

Wazee wataniuliza kuhusu mursik, kwa kuwa ndiyo tunayowapokea nayo mabingwa uwanja wa ndege. Mursik ina protini ya maziwa na laktosi iliyopungua, lakini haina sukari ya kutosha kulipa deni la misuli. Yataka ugali pembeni, na hivyo ndivyo wazee walivyoila siku zote. Kuna jambo moja la kuangalia. Mwaka 2013 watafiti waliopima mursik za magharibi mwa Kenya walikuta nyingi zina asetaldehidi kwa kiwango kikubwa, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, ugonjwa ambao hospitali ya Tenwek kule Bomet imehangaika nao kwa miaka mingi. Mimi singeifanya kinywaji cha kila siku baada ya mazoezi kwa mtoto wa shule. Ya sherehe ibaki ya sherehe.

Na kwa sababu hiyo hiyo ya umio, neno kuhusu joto la chai. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitamka mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Chai iliyotoka jikoni sasa hivi imepita kiwango hicho. Mkimbiaji aliyetoka kwenye jua la Soin hana sababu ya kuipuliza na kuinywa ikiwa moto hivyo. Mimineni chai vikombeni timu inapokuwa bado kwenye mazoezi ya kunyoosha viungo. Wakimaliza, kikombe kitakuwa kinashikika kwa viganja viwili bila kuunguza, na hapo kinanyweka.

Yule kijana wa kilo 60 alirudi kwenye mizani saa kumi jioni, kabla ya mazoezi ya pili. Alikuwa amekunywa chai yake asubuhi, mkate na yai, kisha maji kidogo kidogo, na mchana ugali na sukuma. Mizani ilisoma 59.8, na mkojo wake, alivyomwambia kocha kwa aibu kidogo, ulikuwa wa rangi ya nyasi kavu zilizofifia. Kocha akampa ruhusa ya kukimbia.